Muhtasari wa hesabu za AMCOS: tarakimu ziachwe zilivyo au zifunguliwe?

Mkaguzi akishamaliza kazi yake, chama cha ushirika cha wakulima wa korosho hubaki na kitabu cha hesabu cha Kiingereza. Benki inakitaka hivyo hivyo. Lakini wanachama wa Tandahimba au Nachingwea watakaokaa chini ya mwembe siku ya mkutano mkuu wanahitaji kurasa mbili za Kiswahili zinazosema chama kimepata nini, kimetumia nini na benki kuna kiasi gani. Kazi ya kuandaa kurasa hizo imenifikia mara kadhaa hapa Mtwara mjini, na sijawahi kukwamishwa na maneno. "Mapato", "madeni" na "mali" hayamsumbui mtu. Ninachokaa nacho hadi usiku ni tarakimu, tarehe, sarafu na vipimo.

Watu wanaoifanya kazi hii wanapita njia mbili. Wa kwanza hutafsiri maneno tu, na kila kilicho tarakimu hukiacha kama kilivyo kitabuni. Hao nawaita waachaji. Wa pili hufungua kila kitu kiwe kama mtu anavyokitamka ghalani. Nitaziweka njia zote mbili kando kwa kando kwa kutumia chama cha kubuni, ila mistari yake ni ile ile ninayokutana nayo kila msimu.

| Kitabuni | Kuacha | Kufungua |
|---|---|---|
| `111,000` (chini ya `TZS '000`) | 111,000 | Sh. 111,000,000 |
| `(13,850)` | (13,850) | Nakisi ya Sh. 13,850,000 |
| `31/03/2024` | 31/03/2024 | Tarehe 31 Machi 2024 |
| `USD 12,500` | USD 12,500 | Dola za Marekani 12,500 |
| `1,850 MT` | MT 1,850 | Tani 1,850, yaani kilo 1,850,000 |
| `48 lbs` | lbs 48 | Ratili 48 za kiini kwa gunia la kilo 80 |

Tuanze na sifuri tatu zilizofichwa. Kichwa cha safu kikiandikwa `TZS '000`, kila tarakimu iliyo chini yake imepunguzwa sifuri tatu, na 111,000 ni shilingi milioni mia moja na kumi na moja. Mhasibu hahitaji kuambiwa. Mwanachama akisoma "ushuru wa chama 111,000" anaona laki moja na ushee, na ana haki ya kusimama kuuliza nyingine zimekwenda wapi. Mwachaji atakujibu kwamba ameandika "katika maelfu ya shilingi" juu ya jedwali. Kweli ameandika. Ila karatasi ile haibaki nzima. Mtu anapiga picha ya nusu ya chini, anaituma kwenye kundi la WhatsApp la kijiji, na kichwa cha safu kimebaki nje ya picha. Niliwahi kushuhudia picha ya namna hiyo ikizunguka siku mbili kabla ya mkutano, na mkutano ulianza na kelele ambazo hazikuhusu hesabu yoyote iliyokuwamo kitabuni.

Kufungua nako kuna gharama yake. Kitabu kikisema 111,000 kwa maelfu, tarakimu halisi inaweza kuwa 111,000,400 au 110,999,700, kwa sababu mkaguzi ameshaifupisha hadi elfu iliyo karibu. Ukiandika Sh. 111,000,000 unatoa sura ya uhakika wa hadi shilingi ya mwisho, na mtu mwenye leja ya chama mkononi atakuta haviendani. Ndiyo maana anayefungua lazima aweke sentensi moja chini ya jedwali: "Tarakimu zimefupishwa hadi elfu iliyo karibu." Asipoiweka amebadilisha maana, hata kama hakukosea sifuri.

Ugumu mwingine unatokea pale tarakimu inaposomwa kwa sauti, na huu Kiingereza hakina. Chukua mstari wa masurufu ya watumishi ambayo hayajarejeshwa: kitabuni ni 205. Ukiufungua ni Sh. 205,000. Sasa usome. Wengi watasema "elfu mia mbili na tano", na katika Kiswahili maneno hayo hayo yanabeba tarakimu mbili: 205,000 na 200,005. Aliyeandika muhtasari wa kikao akiwa nyuma ya ukumbi anaweza kuandika ya pili bila kusikia vibaya hata neno moja. Tofauti ni Sh. 4,995, kiasi ambacho hakuna wa kukigombania, lakini mwaka unaofuata mkaguzi anakuta muhtasari wa kikao na kitabu vinasema vitu viwili.

Dawa yake tunayo mdomoni siku zote: laki. "Laki mbili na elfu tano" haina njia mbili. Katika maelezo ya muhtasari mimi naandika laki bila aibu, ingawa wako wanaoiona ni neno la sokoni. Salio la benki la Sh. 41,205,000 nitaliandika "shilingi milioni arobaini na moja, laki mbili na elfu tano", na msomaji yeyote wa ajenda atalitamka bila kulikosea.

Mwenye kufungua hushawishika pia kufupisha zaidi ili sentensi ziwe nyepesi. Hapo ajihadhari. Chama chetu cha mfano kina ushuru wa 111,000 na mapato mengine 4,650, jumla 115,650. Matumizi ni 129,500. Nakisi ni 13,850. Andika kwa milioni yenye desimali moja: mapato milioni 115.7, matumizi milioni 129.5, nakisi milioni 13.9. Sasa mpe mzee mwenye kalamu kwenye benchi la mbele. Atatoa 115.7 kwenye 129.5 na kupata 13.8. "Laki moja imekwenda wapi, Mheshimiwa Mwenyekiti?" Haijakwenda popote, imepotea kwenye kufupisha. Lakini jaribu kumweleza hivyo mbele ya watu mia tatu. Kanuni yangu ni fupi: usifupishe zaidi ya mkaguzi alivyofupisha. Ikibidi, fupisha kiasi kinachosimama peke yake, usifupishe vile ambavyo mtu anaweza kuvijumlisha au kuvitoa.

Mabano nayo yanataka neno. Kwa mhasibu (13,850) ni kiasi hasi. Kwa msomaji wa kawaida mabano ni maelezo ya ziada, kitu unachoweza kukiruka. Nimesikia mtu akisoma "kumi na tatu elfu mia nane na hamsini" kwa sauti ya furaha, akidhani ni ziada. Kwenye jedwali naacha mabano, ila jina la mstari nalibadilisha lisiwe "Ziada/(Nakisi)" bali "Nakisi ya mwaka", na kwa mwaka uliotangulia, ambao ulikuwa na ziada ya 9,320, naandika neno "ziada" pembeni ya tarakimu yenyewe. Alama ya kutoa siipendi, kwa sababu ikichapwa upya na kutolewa nakala ya fotokopi mara mbili hufifia, na nakisi inageuka faida.

Kuhusu mkato na nukta hakuna cha kubishania kwa hesabu za ndani. Tanzania tunaandika kama Waingereza: mkato hutenga maelfu, nukta hutenga desimali. Anayetafsiri kwa ajili ya chama aache. Shida inakuja kwa karatasi za wanunuzi zinazobandikwa nyuma ya kitabu, kwa kuwa korosho ghafi yetu nyingi huenda India na Vietnam. Mvietnam hutumia nukta kwa maelfu na mkato kwa desimali, hivyo `1.850` yake ni elfu moja mia nane na hamsini, na `48,5` ni arobaini na nane na nusu. Mhindi naye hutenga tarakimu mbili mbili baada ya elfu, na milioni 111 kwake itaonekana `11,10,00,000`. Hapa kuacha ni kosa la wazi. Geuza kila kitu kiwe mtindo wetu, na uhakikishe kwa kuzidisha. Kama chama kilitoza ushuru wa Sh. 60 kwa kilo, basi kilo 1,850,000 mara 60 ni Sh. 111,000,000, na kitabu kinakubali. Ungekuwa umesoma `1.850` kama tani moja na robo tatu na ushee, ushuru ungekuwa Sh. 111,000, na ungejua palepale kwamba hakuna chama kinachoendesha ghala kwa laki moja na elfu kumi na moja kwa mwaka. Hesabu hiyo ya kuzidisha huwa naifanya kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu inakamata makosa ya maelfu, ya nukta na ya kipimo kwa mkupuo mmoja.

Tarehe ndizo nilizoumia nazo mimi mwenyewe. Nililetewa orodha ya malipo kutoka benki, nikaifungua kwenye kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Kimarekani, ambao hutanguliza mwezi. Mstari mmoja ulikuwa `03/04/2024`. Kwa desturi yetu hiyo ni tarehe 3 Aprili. Kompyuta ikaisoma 4 Machi, nami nikaiandika hivyo kwenye maelezo ya Kiswahili. Chama hicho kilikuwa kinafunga hesabu tarehe 31 Machi. Malipo ya 4 Machi yamo ndani ya mwaka, ya 3 Aprili yako nje. Kwa kugeuza tarehe nilikuwa nimewaambia wanachama kwamba deni lililipwa kabla ya kufunga hesabu, ilhali kitabu cha Kiingereza kilikuwa kinalionyesha bado halijalipwa. Mhasibu ndiye aliyeniokoa, jioni ya siku moja kabla ya kuchapa.

Namna ya kulitambua tatizo hili ni rahisi ukishajua pa kutazama. Kwenye safu ya tarehe, zile ambazo siku yake imezidi 12 kompyuta haiwezi kuzisoma kama mwezi, hivyo inaziacha zikiwa maandishi na zinaegemea kushoto. Zile zenye siku 1 hadi 12 inazikubali, inazigeuza kimyakimya, na zinaegemea kulia. Safu yenye tarehe zilizoegemea pande mbili ni safu iliyoharibika. Irudie kutoka kwenye faili la benki, usijaribu kuisahihisha kwa mkono.

Kwa hiyo upande wa tarehe sina mjadala: fungua, na mwezi uandike kwa jina. Kwenye Excel unaweza kupata jina la mwezi kwa Kiswahili bila kuchapa moja moja:

```
=TEXT(B2,"[$-441]d mmmm yyyy")
```

Itatoa "3 Aprili 2024". Vifupisho nashauri uvikwepe. "Jun" na "Jul" zimetofautiana kwa herufi moja, na kwenye nchi ambayo mwaka wa fedha wa serikali unaishia 30 Juni na kuanza 1 Julai, herufi hiyo moja ni mwaka mzima.

Mwaka wenyewe nao una utata. Kitabu kinaandika `FY2024` kikimaanisha mwaka ulioishia 31 Machi 2024. Mwachaji ataandika "Mwaka wa Fedha 2024". Mkulima wa Newala akisikia 2024 anawaza korosho alizoanza kuuza Oktoba 2024, ambazo hazimo kabisa katika kitabu hiki. Zilizomo ni za msimu ulioanza Oktoba 2023. Naandika hivi: "mwaka wa hesabu ulioishia tarehe 31 Machi 2024 (korosho za msimu wa 2023/2024)". Ni ndefu, lakini naiandika mara moja juu, kisha nasema "mwaka huu wa hesabu". Tena, tofautisha taarifa mbili: ya mapato na matumizi ni ya mwaka mzima ulioishia tarehe fulani, ya hali ya fedha ni picha ya siku ile moja. "Benki kulikuwa na Sh. 41,205,000 siku ya tarehe 31 Machi 2024" inaeleweka. "Hadi tarehe 31 Machi" inamfanya mtu adhani ni jumla ya fedha zilizopita benki mwaka mzima. Na kama muhtasari unabeba tangazo la mkutano wa `10:00 a.m.`, ni saa 4:00 asubuhi. Ukiacha 10:00 watu watakuja jioni.

Kwenye sarafu naungana na waachaji, kwa sehemu kubwa. Dola zibaki dola. Kitabu cha mfano kina tanbihi ya msaada wa vifaa wa dola 12,500, uliowekwa kitabuni kwa Sh. 31,250,000, maana yake walitumia Sh. 2,500 kwa dola. Mfasiri mmoja ninayemfahamu aliona kiwango hicho kimepitwa, akatafuta cha siku ile na kubadilisha shilingi. Alikuwa na nia njema, lakini alichotoa si tafsiri tena. Kiwango kilichaguliwa na mhasibu kwa tarehe ya muamala au ya kufunga hesabu, na mkaguzi amekisaini. Kazi yetu ni kuandika "Dola za Marekani 12,500 (Sh. 31,250,000 kwa kiwango kilichotumika kitabuni)" na kuishia hapo. Alama ya `$` peke yake siiweki. Kuhusu shilingi, `TZS` inafaa kichwani mwa jedwali, na kwenye sentensi "Sh." au "shilingi" hutangulia tarakimu, pamoja na neno la ukubwa: "shilingi milioni 41", si "41 milioni shilingi".

Ile `/=` ya mwishoni, tuliyoizoea kwenye stakabadhi, ina kazi yake kwa mkono: inamzuia mtu kuongeza tarakimu mbele. Kwenye Excel ukiichapa pamoja na kiasi, seli inageuka maandishi, na `SUM` inairuka bila kukuonya. Jumla inatoka pungufu na huoni sababu. Ukiitaka, iweke kama mwonekano wa seli:

```
#,##0"/="
```

Vipimo ndipo kufungua kunaposhinda bila ubishi. `MT` nimeiona ikitafsiriwa "mita". Ni tani ya kilo 1,000, na kwa kuwa mwanachama anauza kwa kilo na kupanga ghalani kwa magunia, naongeza vyote viwili mara moja: tani 1,850, yaani kilo 1,850,000, sawa na magunia 23,125 ya kilo 80. Ile `48 lbs` ndiyo yenye mtego. Ni kipimo cha ubora wa korosho ghafi: kiini unachokipata ukibangua gunia la kilo 80, kikipimwa kwa ratili. Aliyetafsiri "pauni 48" aliwafanya watu waulize fedha za Uingereza zimeingiaje. Kwa wengi pauni ni fedha, ratili ni uzito, na watu wa pwani wana neno hilo la ratili tangu zamani. Ratili moja ni kilo 0.4536, hivyo 48 ni kilo 21.8 za kiini katika gunia la 80, au asilimia 27 na kidogo. Ila ratili usiifute. Mnunuzi anapanga bei kwa kuangalia ratili, na mwanachama akiona kilo tu hataweza kulinganisha gunia lake na tangazo la mnada.

Basi ukiniuliza uchague ipi, itategemea karatasi inakwenda wapi. Ikiambatanishwa na kitabu cha Kiingereza na kusainiwa na mwenyekiti na meneja, acha tarakimu za jedwali zifanane na kitabu mstari kwa mstari, pamoja na maelfu na mabano, ili afisa wa benki aweze kuweka kidole hapa na pale. Fungua kwenye aya za maelezo tu. Ikiwa ni ya kubandikwa ukutani ghalani na kusomwa mkutanoni, fungua hata ndani ya jedwali, uweke sifuri zote, na uandike ile sentensi ya elfu iliyo karibu.

Ukigeuza upande, kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, mambo hubadilika kidogo. Laki lazima ife, iwe tarakimu kamili, kwa sababu msomaji wa Kihindi ataielewa lakini wa benki anaweza asijue. Magunia yawe kilo, na uulize kwanza ni gunia la kilo ngapi: la korosho tumezoea 80, la ufuta usikisie. Nami kila nikikuta "elfu mia na kitu" kwenye muhtasari wa kikao wa zamani, sitafsiri hadi nimepiga simu kwa katibu.